Siku mbili kwa wiki: zoezi lipi lipigwe mara mbili, lipi mara moja

Jamaa mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo alinijia jimu na daftari mkononi. Ana miaka 34 na uzito wa kilo 74. Duka analifungua saa 2 asubuhi na kulifunga saa 1 usiku, ila Jumatano mpwa wake humshikia jioni, na Jumapili hafungui kabisa. Siku zake za mazoezi ni hizo mbili tu. “Kocha,” akaniambia, “mimi niambie ukweli. Miezi mitano napiga benchi, kilo 60 haijawahi kuvuka mara nne. Siku mbili zinatosha au nisijisumbue?”

Nikamwomba daftari nilisome kwanza. Jumapili ilikuwa siku ya kifua na mikono: benchi la kawaida, benchi la mteremko, dambeli za kufungua kifua na pushapu, kila zoezi seti nne, kisha mikono. Jumatano ilikuwa siku ya mgongo na miguu, nayo imejaa vivyo hivyo. Alikuwa akikaa jimu saa moja na dakika 50 kila safari. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia ni mvivu.

Kasoro yake niliiona kwenye namba za Jumapili. Seti ya kwanza ya benchi, kilo 60 mara nne. Ya pili, kilo 60 mara tatu. Ya tatu ameshuka hadi 55, ya nne 50. Akifika kwenye mteremko anabeba 35, na pushapu za mwisho ni nane, saba, sita, tano. Seti 16 za kifua, lakini zilizobeba uzito wa maana ni nne au tano. Zilizobaki amezifanya kwa misuli iliyokwisha kuchoka. Kisha kifua hicho hakiguswi tena mpaka zipite siku saba.

Hapo ndipo wengi wenye siku mbili wanapokwama, kwa sababu wanachukua mpango wa mtu mwenye siku tano na kuubana. Mwenye siku tano anaweza kutenga siku ya kifua, siku ya mgongo, siku ya miguu. Mwenye mbili akifanya hivyo, kila msuli unapata zamu moja kwa wiki. Baada ya mazoezi mazito, kazi ya mwili ya kujenga protini mpya ndani ya msuli hupanda, kisha hurudi kawaida baada ya siku moja hadi mbili hivi. Kifua kilichofanyishwa kazi Jumapili asubuhi kimeshamaliza sehemu kubwa ya ujenzi wake kufikia Jumanne jioni. Jumatano yote, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi kinangoja tu.

Mwaka 2016 Brad Schoenfeld na wenzake walikusanya tafiti zilizolinganisha idadi ya siku za kufanyisha msuli mmoja kazi, wakaona kwamba mara mbili kwa wiki hukuza msuli kuliko mara moja. Tafiti zilizofuata zimeongeza jambo ambalo wengi hulisahau: jumla ya seti za wiki ikiwa sawa, tofauti kati ya mara moja na mara mbili inapungua sana. Kwa hiyo idadi ya siku peke yake haina uchawi. Faida ya kugawa ni kwamba seti zile zile zinafanywa na msuli ulio mpya. Muuza vitenge wetu akipiga seti tatu Jumatano na tatu Jumapili, zote sita anazipiga akiwa na nguvu.

Basi hukumu ya kwanza ni nyepesi: mwenye siku mbili afanyishe kazi mwili mzima siku zote mbili. Kazi inayohitaji kufikiri ni inayofuata, yaani zoezi gani lirudiwe siku zote mbili na lipi lipigwe mara moja. Hapa siwezi kusema “kila kitu mara mbili” nikaondoka, kwa sababu mazoezi hayadai mwili kwa kiwango kimoja.

Nianze na benchi, maana ndilo lililomleta. Benchi ninalirudisha siku zote mbili. Mgongo haubebeshwi kitu, na zaidi ya yote kusukuma chuma kutoka kifuani ni ufundi. Mahali chuma kinapogusa kifua, viwiko vinavyokaa, miguu inavyoshika sakafu, mambo hayo mwili hujifunza kwa kurudia. Anayepiga benchi mara moja kwa wiki hutumia seti mbili za mwanzo kukumbuka wiki iliyopita alifanyaje. Lakini simpi uzito mmoja siku zote mbili. Jumatano nzito, seti tatu za marudio matano. Jumapili nyepesi, seti tatu za marudio manane hadi kumi, kwa uzito pungufu kiasi cha kilo 7 hadi 8. Siku nyepesi inajenga msuli na kunyoosha ufundi bila kuila nguvu ya Jumatano.

Skwoti nayo inataka mara mbili, ila kwa namna nyingine. Jumatano anabeba chuma mgongoni, seti tatu za marudio matano. Jumapili miguu inapata zamu yake ya pili kwa zoezi la jamii ile ile lisilobana uti wa mgongo: hatua ndefu mbele na goti likishuka karibu na sakafu, dambeli mkononi, seti mbili za marudio kumi kila mguu. Paja linafanya kazi vizuri kwa nusu ya uzito. Mtu mgeni kabisa, ambaye bado anayumba akichuchumaa, ningempa skwoti yenyewe siku zote mbili, ya Jumapili ikiwa nyepesi, mpaka mkao utulie. Huyu wetu mkao alikuwa nao.

Dedilifti mara moja, na hapa ndipo ninapobishana na vijana kila wiki. Kuinua chuma kizito kutoka sakafuni hukamata miguu, makalio, mgongo wote na viganja kwa pamoja, na sehemu ya chini ya mgongo ndiyo inayochelewa kupoa. Sehemu hiyo hiyo ndiyo inayokushikilia ukibeba skwoti, na ndiyo inayokushikilia ukiinama kuvuta chuma kuelekea tumboni. Ukihesabu dedilifti peke yake utaona ni mara moja, lakini mgongo wa chini umeitwa kazini mara tatu. Ndiyo maana dedilifti ninaiweka Jumapili, zoezi la kwanza akiwa mpya, seti mbili tu za marudio matano. Kutoka Jumatano hadi Jumapili kuna siku nne, na kutoka Jumapili hadi Jumatano siku tatu. Dedilifti nimeipa ile nafasi ndefu kabla yake kwa makusudi.

Dalili za aliyezidisha hazijifichi. Skwoti ya Jumatano inaanza kuinamia mbele, makalio yanapanda kabla ya mabega, na uzito uliokuwa mwepesi wiki iliyopita unakuwa mzito wakati mapaja yenyewe hayajachoka. Wengi hapo huongeza mazoezi ya miguu. Wanachotakiwa kufanya ni kupunguza seti moja ya dedilifti, au kuacha kuvuta chuma wakiwa wameinama na badala yake kulaza kifua kwenye benchi la mteremko wanapovuta dambeli. Muuza vitenge nilimlaza tangu siku ya kwanza, na mgongo wake haujalalamika.

Kuvuta ni mara mbili, kila siku kwa njia yake. Jumatano anavuta dambeli kuelekea kiunoni akiwa amelala kwenye mteremko, seti tatu za marudio kumi. Jumapili anajivuta kwenye bomba, seti tatu, marudio mengi kadiri anavyoweza huku akibakiza moja tumboni. Kusukuma chuma juu ya kichwa kunapata mara moja, seti mbili Jumapili, kwa sababu mabega yameshasaidia benchi siku zote mbili. Mikono na vigimbi vinapata seti mbili mbili mwishoni mwa Jumatano, na wala siombi radhi kwa uchache huo. Mkono unaojivuta bombani na kusukuma benchi haujakaa bure.

Ukijumlisha, kifua kinapata seti sita kwa wiki, mgongo sita pamoja na dedilifti, na miguu saba ukichanganya skwoti, dedilifti na hatua ndefu. Mtu aliyezoea seti 16 za kifua akisikia sita huona ametapeliwa. Mwaka 2021 Vegard Iversen na wenzake walichapisha mapitio kuhusu mazoezi ya watu wasio na muda, na pendekezo lao lilikuwa angalau seti nne kwa wiki kwa kila kundi la misuli, zikisimama juu ya mazoezi yanayotumia viungo vingi: moja la miguu, moja la kusukuma, moja la kuvuta. Seti zaidi hukuza zaidi, hilo nalo linajulikana. Lakini kila seti unayoiongeza inakupa kidogo kuliko iliyoitangulia, na mwenye siku mbili lazima ajue pa kusimama kabla uchovu haujamharibia seti nzuri.

Sasa muda. Siku moja ya mpango huu inaingia ndani ya dakika 50, kama mtu anajua kupumzika. Kupasha mwili hakuhitaji dakika 20 za kukimbia kwenye mashine. Akianza na skwoti ya kilo 60, anabeba chuma kitupu cha kilo 20 mara nane, kisha kilo 40 mara tano, kisha 50 mara tatu, halafu anaingia kazini. Kati ya seti za skwoti na za dedilifti anapumzika dakika mbili na nusu hadi tatu, na hapo simruhusu aharakishe. Benchi na kuvuta anazifunga pamoja: seti ya benchi, mapumziko ya dakika moja na kidogo, seti ya kuvuta, mapumziko kama hayo, anarudi benchi. Wakati mgongo unavuta, kifua kinapumzika. Kila zoezi linapata mapumziko yake kamili, na dakika kama nane za kukaa na simu zimeokolewa. Hatua ndefu na kusukuma juu ya kichwa vinafungwa vivyo hivyo Jumapili.

Usifunge pamoja mazoezi yanayogombania kiungo kimoja. Nimewahi kuona kijana akifunga dedilifti na kujivuta bombani. Viganja vilikwisha kabla mgongo haujaanza kazi, na seti zote zikaishia njiani.

Namba za wiki nane za muuza vitenge zilikwenda hivi. Benchi la Jumatano nililishusha hadi kilo 50, naye akanuna. Kila wiki tukaongeza kilo 2 na nusu. Wiki ya 5 alirudi kwenye kilo 60, uzito uliomtesa miezi mitano, akapiga tano, tano, nne. Wiki ya 6 uzito ule ule, tano zote tatu. Wiki ya 7 kilo 62 na nusu: tano, nne, nne. Wiki ya 8 akazikamilisha. Skwoti ilianzia 60 ikafika 77 na nusu. Dedilifti ilianzia 70, ikapanda kilo 5 kila wiki mpaka 90, kisha 2 na nusu, ikaishia 97 na nusu. Kumbuka kwamba mgongo na miguu yake hapo kabla vilikuwa havijafundishwa vizuri, ndiyo maana vilipanda kwa kasi. Benchi lilikuwa limeshazoea, likapanda polepole.

Kanuni tuliyoifuata ya kuongeza ni moja: seti zote zikitimia kwa mkao mzuri, wiki inayofuata uzito unapanda. Zisipotimia, uzito unabaki. Zikigoma wiki tatu mfululizo, anashusha kilo 5 na kupanda upya. Kila seti anaiacha akiwa na uwezo wa rudio moja hadi matatu zaidi. Seti ya mwisho ya kuvuta au ya mikono anaweza kuikamua mpaka mwisho, kwa kuwa ana siku mbili hadi tatu za kupumzika mbele yake. Skwoti na dedilifti hatukamui.

Jimu yetu ina sahani ndogo za kilo moja na robo, ndiyo maana tuliweza kupanda kwa 2 na nusu. Jimu nyingi za mtaani vyuma ni vya zege: makopo ya rangi yaliyojazwa saruji pande mbili za bomba. Huko huwezi kuongeza kilo mbili, basi ongeza marudio. Anza na seti tatu za sita, panda mpaka tatu za kumi, ndipo uhamie bomba linalofuata. Na tafadhali pima hayo makopo. Siku moja tulibeba mawili yaliyoandikwa kilo 20 kwa rangi nyekundu, tukayapeleka kwenye mizani ya muuza mchele jirani. Moja lilikuwa kilo 18, jingine 21 na nusu. Mwenye jimu alikuwa akijiuliza kwa nini bega la kulia la vijana wake linashuka.

Kuna mambo mawili hukwaza mpango wa siku mbili hata ukipangwa vizuri.

La kwanza ni maumivu ya misuli. Anayefanyisha kazi msuli mara moja kwa wiki huumia kila wiki, na huyahesabu yale maumivu kuwa stakabadhi ya kazi. Msuli ulioguswa majuzi huzoea, nao hauumii sana ukiguswa tena. Kwa hiyo ukihamia mwili mzima mara mbili, wiki ya kwanza utaumia, ya pili kidogo, na kufikia ya nne huenda usihisi kitu. Muuza vitenge alinipigia simu wiki ya 4 akiwa na wasiwasi: “Kocha, mbona siumwi? Hatujapunguza sana?” Nikamwuliza Jumatano alibeba ngapi. Akanitajia 57 na nusu kwa seti tatu za tano. Nikamwambia hilo ndilo jibu. Kipimo ni daftari. Ukiona maumivu hayajaisha siku ya tatu, na mpango una zaidi ya wiki mbili, hapo ndipo upunguze seti.

La pili ni siku inayokosekana. Mwenye siku tano akikosa moja amepoteza sehemu ya tano ya wiki yake. Mwenye mbili amepoteza nusu. Na kwa kawaida siku inayokosekana ni ile ile, kama Jumatano mpwa akiwa na mitihani. Ukifuata kalenda, skwoti na benchi zito havitaguswa wiki tatu huku dedilifti ikienda mbele peke yake. Ndiyo maana ninawaambia wafuate foleni: zoezi lililokosekana Jumatano lifanywe Jumapili, na la Jumapili lisubiri zamu. Usizikusanye mbili ndani ya siku moja kufidia, utarudi kwenye zile seti za uchovu. Na ikibidi kuhamisha siku, acha angalau siku moja tupu katikati, mbili zikiwezekana. Jumamosi na Jumapili zikifuatana, ya pili hufanywa na mwili ambao haujapoa, halafu kinafuata kipindi kirefu cha siku tano.

Ukibakiwa na siku moja tu kwa majuma kadhaa, usiogope. Utafiti wa Bickel na wenzake uliochapishwa 2011 uliwafundisha watu siku tatu kwa wiki kwa wiki 16, kisha baadhi wakapunguziwa hadi siku moja. Vijana walitunza misuli yao. Wenye miaka 60 na zaidi walitunza nguvu lakini walipoteza ukubwa wa msuli. Mwenye umri huo ajitahidi asiachie zamu yake ya pili, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 limetaja siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli kwa watu wazima wote.

Mpango huu una ukomo wake. Anayejiandaa kwa mashindano ya kunyanyua vizito kwa mtindo wa Olimpiki hawezi kuishi kwa siku mbili, maana kurusha chuma juu kwa mpigo mmoja kunahitaji ufundi wa karibu kila siku. Anayetaka kupanda jukwaani kuonyesha misuli naye atagundua kwamba vigimbi, bega la pembeni na mikono vinabaki nyuma, kwa sababu dakika 50 hazimtoshi kuvihudumia. Mtu aliyefanya mazoezi kwa miaka mingi ataona benchi limesimama miezi miwili au mitatu ingawa analala vizuri, anakula vya kutosha na hakosi zamu. Huyo kwanza aongeze seti moja ya benchi kila siku, atoe mikono. Hilo likishindikana ndipo tuzungumze kuhusu siku ya tatu.

Muuza vitenge bado hajafika huko. Anakuja Jumatano saa 12 jioni na Jumapili saa 1 asubuhi, anatoka ndani ya saa moja, na Jumatano iliyopita alipiga kilo 70 mara tano, seti zote tatu. Wewe mwenye siku mbili, kabla ya kutafuta siku ya tatu, fungua daftari lako uhesabu kila zoezi kubwa umeligusa mara ngapi wiki hii, na seti ngapi kati ya hizo ulizipiga ukiwa bado na nguvu.